Hesabu Kabla Hujabadili

Ukifuta picha kwenye simu, simu hukuuliza kwanza kama una hakika. Ukituma pesa, huonyeshwa jina la mpokeaji kabla hujaweka namba ya siri. Hifadhidata haina ustaarabu huo. Iandikie kwamba ankara zote za wateja zisomeke sifuri, malizia na nuktamkato, nayo itatii papo hapo. Kisha itakujibu kwa neno moja na namba moja:

```
UPDATE 48612
```

Namba hiyo ni idadi ya mistari iliyobadilishwa, na ndiyo habari yote utakayopewa. Kama ulijua mapema ni namba gani inapaswa kutokea, utang'amua kosa palepale. Kama hukujua, utaiangalia, utadhani mambo yamekwenda sawa, na utaenda kunywa chai.

Makala haya ni ya developa aliyeajiriwa juzijuzi na kukabidhiwa nywila ya hifadhidata ya laivu kwa mara ya kwanza. Ni ya msomaji mwingine pia, yule ambaye ankara yake imewahi kukosewa na akajiuliza kule ndani huwa wanasahihishaje. Kwa miaka niliyofanya kazi hii nimeona kwamba makosa mengi yangezuiwa na tabia moja: kuijua idadi kabla ya kubadili chochote. Hatua nyingine zote zinajengwa juu ya hiyo.

Mbili zinazofanana

Kampuni yenye mfumo wa kompyuta huwa na hifadhidata zaidi ya moja. Iko ya majaribio, yenye wateja wa kubuni, na iko ya laivu, ambamo malipo ya mwananchi aliyesimama dirishani yanaingia sasa hivi. Majedwali ni yaleyale na majina ni yaleyale. Wahenga walisema kupotea njia ndiyo kujua njia, na kwenye hifadhidata ya majaribio maneno hayo ni kweli kabisa. Kwenye laivu, wewe ndiye unayejifunza njia, lakini anayepotea ni mteja.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Nimeuunda mwenyewe, ila yanayotokea ndani yake ni ya kila siku kazini. Kampuni ya maji ya mji fulani inaweka kumbukumbu zake katika PostgreSQL, hifadhidata inayotumika sana duniani na isiyolipiwa leseni. Uniti moja ya maji ni shilingi 1,700, na kila ankara huongezwa tozo ya huduma ya shilingi 2,500. Katika ankara za Mei za eneo la Kisiwani, tozo hiyo imeongezwa mara mbili. Mama aliyetumia uniti 12 alipaswa kudaiwa 22,900, lakini ankara yake inasema 25,400. Dawati la wateja limeandika ombi: sahihisheni ankara za Kisiwani. Eneo lina mita 231.

Kurekebisha jambo hili kupitia skrini za kawaida, ankara moja baada ya nyingine, kungechukua siku nzima. Developa anaweza kulimaliza kwa kwiri moja, yaani agizo moja lililoandikwa kwa lugha ya SQL. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa agizo linaloweza kusahihisha ankara 231 kwa mkupuo linaweza pia kuharibu 48,612 kwa mkupuo.

Jua umesimama wapi

Tarehe 31 Januari 2017, usiku, mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi kazi za waandika programu, alikuwa akihangaika na seva mbili za PostgreSQL. Moja ilikuwa kuu na nyingine ilikuwa pacha wake, inayonakili kila kinachoingia kwenye kuu. Pacha alikuwa amebaki nyuma, hivyo mhandisi akaamua kufuta data zake ili unakili uanze upya. Alitoa amri ya kufuta akiwa kwenye seva kuu. Aligundua baada ya sekunde chache akaikatisha, lakini kati ya gigabaiti kama 300 zilikuwa zimebaki takriban 4.5. Walipokwenda kutafuta nakala za akiba, njia kadhaa walizozitegemea zilikuwa hazifanyi kazi. Waliokolewa na nakala iliyokuwa imechukuliwa kwa mkono saa sita hivi kabla ya ajali, na kazi za watu za saa hizo zikapotea.

GitLab walieleza hadharani kilichotokea. Miongoni mwa marekebisho waliyojiwekea lilikuwa jambo dogo: kubadilisha maandishi yanayotangulia amri kwenye skrini, ili kila seva ijitambulishe waziwazi. Amri yenyewe ilikuwa sahihi. Mahali ilipoandikwa ndipo palipokosewa.

Ukiingia PostgreSQL kwa programu ya `psql`, skrini hukuandikia jina la hifadhidata na alama, kwa mfano `maji=>`. Zoea kuisoma alama hiyo. Ikiwa `maji=#`, yenye alama ya reli, umeingia kama msimamizi mkuu asiyezuiwa na chochote, na kwa kazi hii hukuhitaji uwezo wote huo. Toka, uingie kwa akaunti ndogo. Na kwa kuwa ya majaribio na ya laivu mara nyingi hubeba jina lilelile, uliza waziwazi:

```sql
SELECT current_database(), current_user,
       inet_server_addr(), pg_is_in_recovery();
```

Utapewa jina la hifadhidata, akaunti uliyoingia nayo, anwani ya seva, na herufi moja. `f` maana yake uko kwenye seva kuu; `t` maana yake uko kwa pacha, ambaye husomwa tu na habadiliki kwa amri yako. Kwa kazi ya kusoma, pacha ndiye rafiki yako. Kwiri nzito inayopekua jedwali lenye mamilioni ya mistari inaweza kuichosha seva kuu hadi malipo ya watu yaanze kukwama, hata kama haibadilishi herufi moja.

Soma, hesabu, andika

Sasa tuko mahali panapostahili. Bado hatubadilishi kitu. Tunaandika masharti yatakayochagua ankara zilizokosewa, na tunayatumia kusoma kwanza:

```sql
SELECT hali, count(*)
FROM ankara
WHERE eneo = 'Kisiwani'
  AND mwezi = '2025-05'
  AND kiasi = uniti * 1700 + 5000
GROUP BY hali;
```

Tazama sharti la mwisho. Hatutaki kila ankara ya Kisiwani ya Mei, tunataka zile tu zenye alama ya kosa lenyewe: uniti mara 1,700, jumlisha 5,000 badala ya 2,500. Jibu linakuja hivi:

```
    hali    | count
------------+-------
 haijalipwa |   214
 imelipwa   |    17
```

Ukijumlisha unapata 231, sawasawa na idadi ya mita. Hiyo ni dalili njema, maana namba mbili zilizotoka sehemu tofauti zimekubaliana. Ila jibu limetuonyesha pia jambo ambalo ombi halikulitaja: wateja 17 wameshalipa. Ankara iliyolipwa 25,400 ukiipunguza iwe 22,900, stakabadhi ya mteja na kitabu cha kampuni havitalingana tena, na mhasibu atakaa usiku akitafuta shilingi 2,500 zilikokwenda. Hao 17 wanahitaji kurudishiwa fedha au kukatiwa kwenye ankara inayofuata, na uamuzi huo si wa developa. Unarudi kwa aliyeleta ombi na kumwuliza. Akikujibu kwamba usahihishe ambazo hazijalipwa tu, unaandika ndani ya ombi lenyewe: zitabadilika ankara 214.

Namba hiyo iandike kabisa, usiibebe kichwani. Kichwa hukubali kirahisi namba yoyote kitakayoiona baadaye. Kisha toa mistari mitano hivi uipige hesabu kwa kikokotoo, na muonyeshe mwenzako kwiri nzima kabla hujaiendesha. Macho yaliyoandika kosa si hodari wa kuliona.

Muamala: mlango wa kurudia

Hifadhidata nyingi huweka kila badiliko moja kwa moja pindi agizo linapomalizika. Neno `BEGIN` huzuia hilo. Linafungua muamala, yaani kipindi ambacho mabadiliko yako unayaona wewe peke yako hadi uyathibitishe kwa `COMMIT` au uyatupe kwa `ROLLBACK`. Kwenye `psql` alama ya skrini hubadilika kuwa `maji=*>`. Nyota hiyo inakuambia kwamba bado una njia ya kurudi. Usipoiona, usiendelee.

```sql
BEGIN;

CREATE TABLE ankara_kabla_mei AS
SELECT id, kiasi FROM ankara
WHERE eneo = 'Kisiwani' AND mwezi = '2025-05'
  AND hali = 'haijalipwa'
  AND kiasi = uniti * 1700 + 5000;

UPDATE ankara
SET kiasi = uniti * 1700 + 2500
WHERE eneo = 'Kisiwani' AND mwezi = '2025-05'
  AND hali = 'haijalipwa'
  AND kiasi = uniti * 1700 + 5000;
```

Agizo la kwanza linaweka kando kiasi cha zamani cha kila ankara tutakayoigusa. La pili linasahihisha. Masharti ya yote mawili ni yaleyale tuliyoyasoma mwanzo, ukiongeza lile la ankara ambazo hazijalipwa. Yanakili jinsi yalivyo, usiyaandike upya kwa kukumbuka.

Kwenye `SET` tungeweza kuandika `kiasi - 2500`, na mara ya kwanza matokeo yangekuwa yaleyale. Lakini mtandao ukikatika katikati na ukashindwa kujua kama kwiri ilipita, utairudia, na bila lile sharti la mwisho mteja atapunguziwa 5,000. Tukikokotoa kutoka kwenye uniti, jibu ni lilelile hata ukiirudia mara kumi. Na kwa kuwa sharti linachagua tu ankara zenye kosa, mara ya pili hakutakuwa na cha kuchagua. Kwiri ya laivu iandikwe hivyo, isimdhuru mtu hata ikiendeshwa mara mbili kwa bahati mbaya.

Sasa soma majibu. Agizo la kwanza linapaswa kusema `SELECT 214`, na la pili `UPDATE 214`.

Namba inapokataa

Tuseme ombi lingetaka ankara za Mei na za Juni, na developa akaandika hivi:

```sql
WHERE eneo = 'Kisiwani'
  AND mwezi = '2025-05' OR mwezi = '2025-06'
```

Kwa macho ya binadamu, hizi ni ankara za Kisiwani za miezi miwili. SQL haisomi hivyo. Hufunga pamoja maneno yaliyounganishwa na `AND` kwanza, ndipo iangalie `OR`. Kwa hiyo imeelewa kwamba unataka ankara za Mei za Kisiwani, pamoja na ankara za Juni za mji mzima. Hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea, kwa sababu sentensi ni halali. Kinachokuumbua ni namba peke yake: ulitarajia mia chache, na skrini inasema `UPDATE 9406`. Hapo huhitaji kufikiri. Unaandika `ROLLBACK`, unapumua, ndipo unaweka mabano kwenye miezi. Pamoja na mabadiliko, hata jedwali la akiba linatoweka, na hifadhidata iko kama ulivyoikuta.

Namba ikikosa kwa kidogo, inataka uangalifu zaidi. Tuseme umepata `UPDATE 213`. Huenda mteja mmoja amelipa dakika mbili zilizopita, nayo si kosa. Ila usijifariji kwa kudhani. Rudisha nyuma, rudia kwiri ya kuhesabu, uone kama sasa inasema 213 na 18. Ikisema hivyo, badilisha namba kwenye ombi uanze upya. Isiposema hivyo, kuna jambo hujalielewa, na siku hiyo hubadilishi kitu hadi ulielewe.

Usiache mlango wazi

Muamala una gharama yake. Ankara 214 ulizozibadilisha zimefungwa kufuli hadi umalize. Katika PostgreSQL anayesoma hazuiliwi. Ataendelea kuona kiasi cha zamani. Anayetaka kuandika ndiye anayengoja. Yule mama wa uniti 12 akilipa kwa simu wakati muamala wako uko wazi, mfumo wa malipo utajaribu kuiandika ankara yake kuwa imelipwa, utakuta kufuli, na utasimama hapo. Ukiinuka kwenda kula, anasimama nawe saa nzima. Wenzako wakipekua `pg_stat_activity` watakuona umeandikwa `idle in transaction`, yaani umeshika kufuli na hufanyi kitu.

Kwa hiyo kabla ya `BEGIN`, jiwekee mipaka:

```sql
SET lock_timeout = '3s';
SET statement_timeout = '30s';
SET idle_in_transaction_session_timeout = '5min';
```

Wa kwanza unakataza agizo lako kungoja kufuli la mtu mwingine zaidi ya sekunde 3. Wa pili unalikatisha likizidi sekunde 30. Wa tatu unakutoa nje na kutupa mabadiliko yako ukikaa dakika 5 ndani ya muamala bila kutoa amri. Andaa kila kitu kwenye faili kabla, ili muamala wenyewe uwe wa dakika moja.

Ukiwa bado ndani, hakiki mara ya mwisho. Rudia ile kwiri ya kuhesabu. Inapaswa kubaki na 17 waliolipa tu. Ifungue ankara ya yule mama uone 22,900. Kisha andika `COMMIT`, na angalia jibu. Kama agizo moja lilishindwa ndani ya muamala, alama ya skrini ilishageuka kuwa `maji=!>`, na PostgreSQL itakujibu `ROLLBACK` hata kama wewe umeandika `COMMIT`. Maana yake hakuna kilichohifadhiwa.

Muamala usipoweza kukusaidia

Baada ya `COMMIT`, maji yameshamwagika, na `ROLLBACK` haizoi kitu. Ndiyo maana tuliweka kando kiasi cha zamani. Ikigundulika kesho kwamba bei ya uniti yenyewe ilikuwa na mjadala, unarudisha kutoka kwenye jedwali la akiba, tena safu ya `kiasi` peke yake, na kwa ankara ambazo bado hazijalipwa tu. Ukirudisha mstari mzima utafuta malipo yaliyoingia usiku. Jedwali hilo lina data za wateja, hivyo andika kwenye ombi litafutwa lini, na siku ikifika lifute.

Kuna yasiyorudishwa na jedwali la akiba pia. Baadhi ya majedwali yana vichocheo, yaani maagizo yanayojiendesha yenyewe kila mstari unapobadilika. Amri ya `\d ankara` itakuonyesha kama vipo. Ikiwa mojawapo husababisha mteja atumiwe ujumbe mfupi, wateja 214 watapata ujumbe, na hakuna amri ya kuutoa ujumbe kwenye simu ya mtu. Na kama kazini kwenu mnatumia MySQL, jua kwamba huko amri za kubadili umbo la jedwali, kama `ALTER TABLE`, huthibitisha muamala uliofunguliwa bila kukuuliza. Anayetoka PostgreSQL hudhani bado ana njia ya kurudi, kumbe imeshafungwa.

Ukikosea ukiwa umeshathibitisha, jambo la kwanza ni kuangalia saa na kuiandika. La pili ni kumwambia kiongozi wako, palepale: nimeendesha kwiri hii, saa hii, ikagusa mistari mingapi. Usijaribu kuficha kwa kwiri ya pili ya kubahatisha. Hifadhidata iliyotunzwa vizuri inaweza kurejeshwa hadi dakika iliyotangulia kosa, mradi dakika hiyo ijulikane. Kila robo saa unayonyamaza, malipo mapya halali yanachanganyika na data mbovu, na kazi ya kuyatenganisha inakua.

Kwa Kisiwani haikufika huko. Ombi linafungwa likiwa na mistari minne: kwiri iliyoendeshwa na mwenzako aliyeikagua, idadi iliyotarajiwa 214, idadi iliyotokea 214, saa ya `COMMIT`. Chini yake kuna mstari wa tano unaofungua ombi jipya kwa idara ya uhasibu. Una namba za ankara za wale wateja 17 waliolipa zaidi. Hakuna aliyekuwa amewaombea, na walionekana tu kwa sababu kuna mtu aliyehesabu kabla hajabadili.